Kinacholinda ukuta wa mbao ni hewa iliyo nyuma ya bati

"Nyumba ya mama huku Kinangop ni ya mbao, kuta na sakafu. Kwa sababu ya baridi, fundi wa jua kali alituundia jiko la kuni la chuma: upana sentimita 50, kina 40, urefu 70, miguu sentimita 10, na bomba linatokea juu upande wa nyuma. Aliliweka inchi 6 kutoka ukutani, akapigilia bati kwenye mbao, akasema bati haliungui. Chini aliweka kipande kingine cha bati. Sasa mbao zilizo pembeni mwa bati zimekuwa hudhurungi na usiku tunasikia harufu ya ubao uliokauka sana. Nilisogeze kiasi gani? Na chini niweke nini hasa?"

Usiku wa leo usiliwashe. Likishapoa kabisa, ng'oa bati lote la ukutani na uzikague mbao za nyuma mchana, kwa macho na kwa kiganja. Ubao uliobadilika rangi tu lakini bado mgumu umeonywa mapema. Ubao mweusi, wenye nyufa ndogondogo za mirabamraba na unaomomonyoka ukiukwaruza kwa kisu, umeshaanza kuwa makaa, na huo ung'olewe na kubadilishwa, usipakwe rangi wala kufunikwa. Na kama moto ulizimwa jana lakini ukuta bado una uvuguvugu, au moshi mwembamba unatoka kwenye maungio ya mbao, kuna moto unaotambaa ndani ya ukuta. Hapo mtoe mama nje kwanza, piga simu kwa zimamoto wa kaunti, na majirani wamwage maji huku mbao zikibomolewa.

Ukiwa hapo, angalia pia kama fundi alipigilia bati juu ya karatasi. Nyumba nyingi za mbao za huko hubandikwa katoni, magazeti au nailoni kwa ndani ili upepo usipite kwenye nyufa. Vitu hivyo vikibanwa kati ya bati la moto na ubao mkavu ndivyo hutangulia kushika. Toa vyote katika ukuta huo, hata pale usipoona dalili.

Fundi wako hakudanganya aliposema bati haliungui. Alisahau tu kwamba bati hupitisha joto. Mwili wa jiko la chuma likiwa limejaa kuni kavu unaweza kufika nyuzi 300 au zaidi za Selsiasi, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kama mionzi inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye kitu kilicho mbele yake, bila kungoja hewa ya chumba ipate moto kwanza. Bati lililo umbali wa inchi 6 huipokea mionzi hiyo, na kwa kuwa limegusana na ubao, huukabidhi ubao joto lile lile. Misumari ndiyo mibaya zaidi, maana kila mmoja hulibeba joto hadi ndani ya ubao.

Ubao nao hausubiri mwali uuguse. Ukipashwa joto sana huanza kutoa gesi zinazowaka, na ukifika karibu na nyuzi 300 unaweza kushika moto bila cheche yoyote. Lakini hatari inayowapata watu wenye majiko ni ya polepole zaidi. Ubao unaopashwa joto la chini kuliko hilo kila jioni, mwezi baada ya mwezi, hukauka, hubadilika rangi, na kidogo kidogo hugeuka kuwa kitu kinachokaribia makaa. Ubao wa namna hiyo huwaka kwa urahisi kuliko ulivyokuwa mbichi, na weusi wake huufanya unyonye mionzi mingi zaidi. Ndiyo sababu jiko linaweza kukaa misimu kadhaa bila tatizo, kisha jioni moja ya Julai, kuni zikiwa kavu kuliko kawaida, ukuta ukawaka. Wanaopima majiko Ulaya hawakubali ukuta wa mbao upande zaidi ya nyuzi 65 juu ya joto la chumba. Sebuleni mwa mama, palipo na nyuzi 15 hivi, huo ni ukuta wa nyuzi 80. Harufu unayoisikia inaniambia ukuta wenu umeshapita hapo.

Sasa vipimo. Jiko la kiwandani lililopimwa huja na kibandiko cha chuma mgongoni kinachotaja umbali wake, na umbali huo ndio unaofuatwa, uwe mkubwa au mdogo kuliko nitakaoutaja. La jua kali halina kibandiko. Kwa majiko yasiyopimwa mimi hufuata kanuni ya Marekani ya NFPA 211, ambayo ni kali na rahisi kukumbuka: sentimita 91, yaani inchi 36, kutoka jiko hadi kitu chochote kinachoweza kuwaka. Nyuma, pembeni, mbele na juu. Kochi, pazia na kamba ya kuanikia soksi vimo katika hesabu hiyo.

Ukiweza kulisogeza hadi sentimita 91, ukuta hauhitaji bati wala matofali. Hiyo ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote, nami ningeitazama kwanza. Shida ni chumba. Chukulia sebule ya futi 12, ambayo ni sentimita 366: ukiacha 91 nyuma, jiko likachukua 40, na 91 nyingine zikabaki wazi mbele yake, zimekwenda 222. Mama atabaki na nafasi ya viti viwili na meza ya chai.

Kwa hiyo wengi huweka ngao, na hapa ndipo mafundi hukosea. Ngao inayofanya kazi ni bati lililosimama mbali na ukuta, likiacha uwazi wa sentimita 2.5 kati yake na mbao, na uwazi huo ukiwa wazi chini na juu. Bati likipata moto, hewa iliyo nyuma yake hupata joto na kupanda, ikatokea juu, na hewa baridi ya sakafuni ikaingia chini kuchukua nafasi yake. Mkondo huo hauachi kutembea muda wote jiko likiwaka, na ndio unaoondoa joto kabla halijafika kwenye ubao. Ngao ya namna hii huruhusu umbali upunguzwe kwa thuluthi mbili, kutoka 91 hadi sentimita 30. Usishuke chini ya 30 hata ukiweka mabati mawili. Kumbuka pia kwamba hizo 30 hupimwa kutoka mgongo wa jiko hadi kwenye ubao wenyewe. Ukipima hadi kwenye bati utakuwa umejipotezea.

Tofauti kati ya ngao hii na kazi ya fundi wako ni hizo sentimita 2.5 tu. Bati lile lile likibanwa ukutani halikupi punguzo hata la sentimita moja.

Bati lenyewe liwe la geji 24, ambalo lina unene wa karibu milimita 0.6. Mabati mengi ya kuezekea yanayouzwa madukani ni ya geji 28, 30 au 32, na kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Hayo hujikunja kwa joto na kuugusa ukuta, uwazi ukapotea. Nunua bati bapa, si la migongo. Kuhusu ukubwa, usikisie. Chukua uzi wa sentimita 91, mtu mmoja ashike ncha moja kwenye mwili wa jiko, wewe uzungushe ncha ya pili ukutani. Popote inapogusa ubao, ngao lazima ifike. Jiko lenu likiwa sentimita 30 kutoka ukutani, uzi utafika kama sentimita 86 kila upande wa jiko, kwa hiyo upana ni 50 na 86 na 86, jumla 222. Mabati mawili ya futi 4 kwa 8 yakilazwa, moja juu ya jingine, yanakupa upana wa sentimita 244 na kimo cha 244. Usiyakate kimo, sababu utaiona tukifika kwenye bomba.

Vitenganishi vya kushikilia ngao visiwe vya mbao. Nasema hivyo kwa sababu ndicho kitu cha kwanza fundi atakachonyoosha mkono kukichukua. Kata paipu nyembamba ya chuma, ile ya kupitishia nyaya za stima, vipande vya sentimita 2.5, upitishe skrubu ndefu ndani ya kila kipande hadi kwenye nguzo ya ukuta. Weka pembezoni na kwenye maungio ya mabati, usiweke hata kimoja nyuma ya jiko au nyuma ya bomba, maana skrubu iliyopo hapo itafanya kazi ile ile mbaya ya msumari. Chini acha sentimita 2.5 kabla ya kugusa sakafu, au mawe yatakayotandikwa juu yake, na juu acha hivyo hivyo kabla ya dari. Mtu asije baadaye akaziba nafasi hizo kwa sababu panya hupita. Akisumbuka na panya, aweke wavu wa waya.

Utaambiwa ujenge ukuta wa matofali badala ya bati. Unafaa, lakini kwa sharti lile lile. Matofali ya unene wa sentimita 9 yakiegemezwa kwenye mbao hupunguza umbali kwa thuluthi moja tu, kutoka 91 hadi 61. Yakiachiwa uwazi wa sentimita 2.5 unaopitisha hewa, ndipo unaruhusiwa 30. Yaani tofali zito lisilo na hewa nyuma hushindwa na bati la chini ya milimita moja lenye hewa. Vigae vilivyogandishwa juu ya ubao, plasta ya saruji juu ya wavu wa kuku, na bodi ya jipsamu vyote vina ugonjwa mmoja: vyenyewe haviwaki kwa urahisi, ila jioni ndefu ya moto huvipasha hadi nyuma, na nyuma kuna mbao. Ukuta wa namna hiyo uhesabu kuwa wa mbao. Na ukiona mtu anakuuzia shuka za zamani za asbesto zilizotolewa kwenye paa, mkatalie. Vumbi lake huharibu mapafu.

Tuje sakafuni, ambako kuna hatari mbili tofauti. Ya kwanza ni makaa yanayoanguka mlango unapofunguliwa, na hiyo watu huijua. Ya pili ni joto linaloshuka kutoka tumbo la jiko siku nzima, na hiyo ndiyo inayochoma sakafu bila mtu kuona, kwa sababu ubao unaoungua uko chini ya kitu. Kipande cha bati alichoweka fundi huzuia makaa. Joto hakizuii hata kidogo.

Hapa pia hewa ndiyo huamua, safari hii hewa iliyo kati ya miguu ya jiko. Miguu ikiwa mirefu zaidi ya sentimita 15, inatosha kuweka mawe au matofali ya unene wa sentimita 5 yaliyokaa karibukaribu, pamoja na bati la geji 24. Ikiwa kati ya 5 na 15, kama yenu, sharti uweke bloku za saruji zenye matundu, za unene wa sentimita 10, zilizolazwa ili matundu yaungane kutoka upande mmoja hadi mwingine na ncha zake zisizibwe, kisha bati juu yake. Ikiwa chini ya 5, jiko halikai juu ya sakafu ya mbao kabisa, hata uweke nini.

Ningekuwa wewe nisingehangaika kutafuta bloku. Ningemrudishia fundi jiko aunganishe miguu mipya ya sentimita 17. Ni kazi ya muda mfupi kwa mwenye mashine ya kuchomelea, na inakuhamisha hadi kwenye kundi jepesi. Kisha tandika bati sakafuni na juu yake panga mawe ya kabro ya milimita 60, yale ya kutandikia nyua, yakibanana. Bati liwe chini ili kaa likipenya kwenye ungio la mawe lisikute ubao. Mkeka huo wa mawe uzidi jiko kwa sentimita 46 kila upande. Nyuma, kwa kuwa ukuta uko sentimita 30, uishie ukutani. Hesabu yake ni sentimita 142 kwa 116.

Mawe hayo yatakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 220, bado jiko na kuni. Nyumba nyingi za mbao zimeinuliwa juu ya vigingi, na mihimili ya sakafu imepangwa kwa ajili ya watu na viti. Chungulia chini ya nyumba. Kama mihimili imeachana sana, imeliwa na mchwa, au unahisi sakafu ikinesa unapotembea mahali hapo, mwite seremala aongeze mhimili na kigingi kabla ya kuleta jiwe hata moja. Sakafu ikilegea bomba nalo huvutwa, likaachana maungio, moshi ukamwagikia chumbani.

Hukuniuliza kuhusu bomba, lakini nyumba nyingi huunguzwa na bomba kuliko jiko lenyewe. Bomba la ukuta mmoja linahitaji sentimita 46 kutoka kwenye mbao. Lenu linatokea nyuma ya jiko, kwa hiyo hata jiko likikaa sentimita 30, bomba litakuwa kama sentimita 38 kutoka ukutani, na hizo hazitoshi. Ngao yenye hewa hulipunguzia hadi sentimita 15, lakini lazima iwe nyuma ya bomba lote mpaka karibu na dari. Ndiyo maana nilikuambia usiyakate mabati kimo.

Pale linapopenya dari ndipo ninapotaka umpate mtu wa kuja kuangalia kwa macho. Bomba la ukuta mmoja halipaswi kupita kwenye dari ya mbao wala kwenye uwazi ulio chini ya paa. Fundi akikata tundu linalolitosha tu na kulizungushia saruji, saruji hiyo itaunguza mbao kama bati lilivyofanya, na mahali ambapo hakuna atakayeona. Kuna njia mbili zinazokubalika. Moja ni kununua bomba la kuta mbili lenye kizuia-joto katikati, lililotengenezwa kiwandani, na kuliachia nafasi linayoidai, ambayo mara nyingi ni sentimita 5 tupu pande zote. Ni ghali. Nyingine ni kujenga dohani ya matofali nje ya nyumba na kulipitisha bomba ukutani ndani ya bomba la udongo lililozungukwa na matofali sentimita 30 kila upande. Tundu hilo ni kubwa, na ukuta unaweza kupoteza nguzo, kwa hiyo mwashi na seremala wakae pamoja kabla ya msumeno. Kwa nyumba ya mama ningechagua dohani ya nje, kwa kuwa mawe na waashi mnao karibu, na ikiziba masizi unaifikia bila kupanda darini.

Kazi ikiisha, liwashe kwa moto mdogo siku ya kwanza, uone maungio na kuzoea. Siku ya pili washa moto wa kawaida wa jioni ya baridi kwa saa nzima au zaidi. Chukua dawa ya mbu ya kuchoma, ishike kwenye uwazi wa chini ya ngao. Moshi wake unapaswa kuvutwa ndani na kuonekana ukitokea juu. Ukikaa tu palepale, kuna mahali uwazi umebanwa. Kisha pitisha mkono pembeni, nyuma ya ngao, uguse ubao wenyewe. Kiganja kikivumilia bila shida, mmefaulu. Ukilazimika kukiondoa upesi, sogeza jiko mbele sentimita 10 na upime tena. Fanya hivyo hivyo sakafuni pembezoni mwa mawe. Rudia mwanzoni mwa kila msimu wa baridi, kwa sababu mabati hulegea na watu hurudisha vitu karibu.

Utomvu unaochuruzika kwenye vifundo vya mbao ni dalili nyingine ya kuangalia. Ukiuona umetoka upya nyuma ya jiko wakati kuta nyingine ni kavu, huenda joto limezidi hata kama hakuna rangi iliyobadilika.

Majivu msiyatie kwenye debe la plastiki wala kuyaacha barazani. Kaa lililofunikwa na jivu huweza kubaki hai siku kadhaa. Mtafutieni mama ndoo ya bati yenye kifuniko, ikae juu ya udongo, hatua kadhaa kutoka ukutani.